Saa ya Yai: Utitiri Wanapoteka Maua ya Sebuleni

Sebule ya shangazi yangu, hapa Dodoma, ina dirisha kubwa moja linalotazama magharibi. Kuanzia saa nane mchana jua humwagika ndani lote. Nyumba haina dari, kwa hiyo bati likishapata moto, joto hushuka moja kwa moja hadi sakafuni. Oktoba iliyopita nilitundika kipimajoto ukutani: mchana kilifika nyuzi 33, usiku kikashuka hadi 22. Mvua tulikuwa tumeiaga tangu Aprili, na hewa ilikuwa kavu kiasi kwamba nguo zilizofuliwa asubuhi zilikauka kabla ya saa nne.

Chini ya dirisha hilo shangazi amepanga vyungu tisa. Kuna ua lenye majani mapana kama sikio la tembo, mnazi mdogo wa mapambo, waridi wawili, kroton, na mche wa mpapai aliouotesha kwenye kopo la rangi. Siku hiyo hata sikumaliza kuamkia.

"Marahaba, marahaba. Njoo uone buibui wanavyonimalizia maua."

Aligeuza jani la sikio la tembo. Mahali jani linapoungana na kikonyo palikuwa na utando mwembamba kama ukungu, na juu ya nyuzi zake palijaa punje ndogo zilizofanana na vumbi. Nilipotazama kwa makini, baadhi ya punje zile zilikuwa zinatembea.

Si buibui, ingawa ni ndugu zake. Ni utitiri wa majani. Jina hilo huwachanganya watu wengi kwa sababu utitiri tunaowafahamu zaidi ni wale wa banda la kuku. Hawa wa majani hawamumi kuku wala binadamu. Ana miguu minane kama buibui na kupe, na urefu wake ni karibu nusu milimita, kwa hiyo jicho la kawaida huona nukta tu. Ukimtazama kwa kioo cha kukuzia utaona mwili wa kijani kibichi cha njano wenye mabaka mawili meusi ubavuni. Wengine ni wekundu. Wataalamu humwita kwa Kilatini Tetranychus urticae, naye hula mimea ya aina nyingi mno, kuanzia maharage na nyanya hadi waridi. Wakulima wa maua kule Naivasha wanamjua vizuri, maana mabanda yao ya plastiki yenye joto ni kama sebule ya shangazi iliyokuzwa mara elfu.

Anapokula hatafuni. Anachoma chembe moja ya jani kwa sindano zake za mdomoni, anafyonza kilichomo pamoja na ile rangi ya kijani, kisha anahamia chembe ya jirani. Kila alipochoma hubaki kidoa cheupe kidogo kuliko ncha ya pini. Ndiyo maana dalili ya kwanza si utando. Ni jani kupauka kwa vidoa vingi vidogo, hasa kandokando ya mshipa wa kati, kana kwamba mtu amelinyunyizia unga. Utando huja baadaye, wadudu wakishakuwa wengi. Ukiona utando, elewa kwamba hao wageni wamekaa muda mrefu.

Utando wenyewe hawautegi kunasa chakula. Ni makazi. Unakinga mayai, unawazuia wadudu wengine wanaowawinda, na unashikilia hewa iliyo jirani na jani. Tena unalifukuza tone la dawa: ukipulizia juu yake, matone hukaa kwenye nyuzi kama umande na hayafiki kwenye ngozi ya jani. Jani likichoka kabisa, wadudu hupanda hadi nchani, hukusanyika kama mpira mdogo unaochezacheza, halafu hujishusha kwa uzi au hubebwa na upepo. Feni ya darini inatosha kuwahamishia kwenye chungu cha pili.

Kwa nini wapende chumba kikavu? Jani ni kinywaji kuliko chakula. Utitiri hunywa maji mengi mno ili apate virutubisho kidogo, na maji yale yanayozidi lazima ayatoe mwilini. Hewa kavu humsaidia kuyatoa haraka, kwa hiyo anaweza kula zaidi na kutaga zaidi. Kwa upande wake, mmea uliokosa maji ni dhaifu. Joto nalo huharakisha kila kitu kinachohusu uzazi wake. Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote, na ndipo mimi na shangazi tulipokosea mara mbili.

Kosa la kwanza lilitokea kabla sijafika. Shangazi alikuwa amechukua dawa ya kopo ya mbu na mende akaipuliza juu ya vyungu. Dawa za namna hiyo zimetengenezwa kwa wadudu wa miguu sita. Nyingi hazimuui utitiri ipasavyo, lakini zinaua vizuri sana vijidudu vinavyomla, mfano mbawakawa wadogo weusi wa jamii ya bibi kibibi wanaoingia dirishani. Baada ya wiki mbili utitiri huongezeka kuliko mwanzo. Ndivyo ilivyokuwa kwake, na alidhani kopo lile lilikuwa bandia.

Kosa la pili ni langu, nalo linaniuma zaidi kwa kuwa nilijiona najua. Nilitoa vyungu vyote nje, nikaosha majani, nikapulizia maji ya sabuni hadi yakadondoka. Kesho yake tuligonga jani juu ya karatasi na hapakuanguka kitu. Nikamwambia shangazi kazi imeisha, nikaenda zangu Kondoa kwenye msiba. Niliporudi baada ya siku 12, utando ulikuwa umerudi kwenye sikio la tembo, na sasa hata waridi walikuwa wamepauka.

Sabuni haikushindwa. Iliwaua wote niliowafikia. Lakini haigusi mayai.

Yai la utitiri ni mviringo, linang'aa kama tone la maji, na ni dogo kuliko mama yake. Hubandikwa chini ya jani au kwenye nyuzi za utando. Sabuni huua kwa kuharibu ngozi laini ya mdudu akiwa bado amelowa. Ganda la yai halidhuriki hivyo. Katika chumba cha wastani wa nyuzi 27, kama cha shangazi ukichanganya mchana na usiku, yai hupasuka baada ya siku tatu au nne. Anatoka mtoto wa miguu sita, anakula kidogo, anatulia bila kusogea huku akibadili ngozi, kisha anaamka akiwa tunutu wa miguu minane. Hula tena, hutulia tena, na hurudia hivyo mara moja zaidi kabla ya kukomaa. Safari yote, tangu yai kutagwa hadi kukomaa, huchukua siku tisa au kumi hivi. Siku moja au mbili baadaye jike ameanza kutaga, na anaweza kutaga mayai matano hadi kumi kila siku kwa wiki mbili au zaidi.

Hata dume si lazima. Jike ambaye hajapandwa hutaga mayai yanayotoa madume matupu. Madume hayo hukua na kumpanda mama yao, na kuanzia hapo majike huzaliwa. Mdudu mmoja uliyemsahau kwenye kona ya jani anatosha kuanzisha ukoo.

Sasa rudi kwenye siku zangu 12. Yai lililotagwa saa moja kabla sijapuliza lilipasuka siku ya tatu au ya nne, likakomaa kufikia siku ya kumi, na siku ya 12 jike yule alikuwa tayari anataga. Niliondoka kwa muda uliolingana kabisa na kizazi kimoja.

Kwa hiyo swali la maana si dawa gani ina nguvu. Ni baada ya siku ngapi unarudi. Urudi baada ya mayai mengi kupasuka, lakini kabla waliozaliwa hawajafika umri wa kutaga. Kwa nyuzi 27, kutoka kupasuka kwa yai hadi kukomaa ni siku tano au sita tu, kwa hiyo nafasi yako ni finyu. Ukirudi kila baada ya siku tatu, kila anayezaliwa atakutana na dawa angalau mara moja akiwa mchanga, na aghalabu mara mbili. Mara mbili ni muhimu kwa sababu wale waliotulia kubadili ngozi huvumilia dawa kuliko wanaotembea, na kwa sababu hakuna mkono unaofika kila mahali.

Tulianza upya Jumamosi jioni. Niliandika tarehe nyuma ya kalenda ya jikoni: siku ya 1, ya 4, ya 7, ya 10 na ya 13. Shangazi aliona ni nyingi. Nilimwonyesha hesabu ya yai, akanyamaza, kisha akasema yeye mwenyewe atanikumbusha.

Siku ya kwanza ni ya kuosha kuliko kupuliza. Tulikata majani yaliyokwisha kabisa na kuyafunga kwenye mfuko wa plastiki palepale, wala hatukuyatupa kwenye ndoo iliyo wazi. Tulifunika udongo wa kila chungu kwa mfuko ili usimwagike, tukakilaza chungu ubavu, halafu tukaelekeza maji ya mpira chini ya majani huku kidole kikibana mdomo wa mpira ili yatoke kwa nguvu ya wastani. Maji peke yake huondoa sehemu kubwa ya wadudu na mayai mengi, na juu ya yote huvunja utando. Majani mapana niliyafuta pia kwa kitambaa, kutoka kwenye kikonyo kwenda nchani, nikikisuuza kitambaa kila baada ya jani. Usiruke hatua hii. Bila kuosha, kila kinachofuata kitakaa juu ya nyuzi.

Kisha sabuni. Nilitumia vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji isiyo na dawa ya kung'arisha nguo, yaani mililita 10, kwa lita moja ya maji. Sabuni laini inayotengenezwa mahususi kwa mimea ni bora, kwa kuwa baadhi ya sabuni za vyombo huunguza majani. Mimi nilijaribu kwanza kwenye jani moja la kila mmea na kusubiri siku mbili. Waridi hawakudhurika, kroton hakudhurika, ila mche wa mpapai ulipata kingo za kahawia, kwa hiyo wake nikaupunguza hadi kijiko kimoja.

Maji nayo yana neno. Maji ya kisima yenye chumvichumvi huifanya sabuni igande. Changanya kidogo kwenye chupa ya kioo, tikisa, uache dakika kumi: ukiona mabonge meupe yanaelea juu, sabuni imekamatwa na chumvi ya maji na haina nguvu tena. Sisi tulitumia maji ya kunywa ya chupa, kwani lita mbili zilitosha vyungu vyote tisa.

Wakati wa kupuliza ni jioni, jua likishatua, feni ikiwa imezimwa. Sabuni huua ikiwa mbichi tu, na saa tisa mchana ndani ya sebule ile ingekauka kwa dakika chache. Chupa ya kupulizia inaelekezwa juu kutoka chini, ili upande wa chini wa jani ulowe hadi kudondosha. Mnazi ndio uliotusumbua, kwa sababu majani yake yamekunjamana na mashina yake yana mifuko midogo ambamo kitu chochote kinaweza kujificha.

Siku ya nne tulibadili, tukatumia mafuta ya mwarobaini. Dodoma mwarobaini uko kila uwanja, lakini majani yaliyochemshwa si sawa na mafuta yaliyokamuliwa kwenye mbegu. Mafuta ndiyo yanayofunika yai na kulinyima hewa. Kipimo ni kijiko kimoja cha chai, mililita 5, kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, pamoja na nusu kijiko cha sabuni ili mafuta yachanganyike. Huo mchanganyiko hutikiswa kila baada ya dakika moja au mbili, na hutumika siku hiyohiyo. Mafuta na jua kali havipatani: jani lililopakwa mafuta likikutana na jua la nyuzi 33 huungua. Kwa hiyo vyungu vilihamishiwa ukumbini kwenye kivuli kwa siku mbili. Siku ya 7 tulirudia sabuni, siku ya 10 mafuta, siku ya 13 sabuni. Kuweka nafasi ya siku sita kati ya mafuta na mafuta kunaliachia jani muda wa kupumua.

Vyungu vyote tisa vilipulizwa kila mara, hata viwili vilivyoonekana salama. Tulifua pazia pia na kupangusa kizingiti cha dirisha.

Kipimo chetu cha ukweli kilikuwa karatasi nyeupe. Kila kabla ya kupuliza niligonga majani matatu yaleyale ya sikio la tembo juu yake, nikasubiri nusu dakika, nikahesabu nukta zinazotembea. Siku ya kwanza niliacha kuhesabu nilipofika 60. Siku ya nne zilikuwa 31, na karibu zote zilikuwa ndogo mno, wale waliotoka kwenye mayai tuliyoyaacha. Shangazi alikata tamaa aliposikia 31. Mimi nilifurahi, kwa sababu hakukuwa na mkubwa hata mmoja: waliobaki walikuwa watoto ambao hawajataga. Siku ya saba zilikuwa tisa, siku ya kumi mbili, siku ya 13 hakuna.

Ukiwa na shaka kama nukta ni vumbi au mdudu, pitisha kidole: mdudu huacha mchirizi. Na usihukumu kwa majani ya zamani. Kidoa cheupe ni chembe iliyokwisha kunywewa, hairudi kuwa kijani hata wadudu wote wakifa. Tazama jani jipya. Likifunguka safi na likabaki safi kwa wiki mbili, umeshinda. Likifunguka na vidoa, wapo bado.

Siku ya 17 nilipima tena, na mnazi ulitoa nukta tatu. Zilitoka kwenye ile mifuko ya mashina. Tuliutenga chumba cha nyuma, tukauosha na kuupuliza peke yake mara tatu zaidi kwa nafasi ileile ya siku tatu, safari hii nikimimina dawa kwenye mifuko badala ya kuipuliza. Siku ya 28 karatasi ilikuwa safi kwa vyungu vyote.

Ratiba hii ni ya chumba chenye joto kama hicho. Mwenye sebule ya nyuzi 20, tuseme Iringa au Limuru msimu wa baridi, atangoja zaidi, maana huko yai huchukua wiki nzima kupasuka na mdudu hukomaa baada ya zaidi ya siku 15. Yeye apulize kila siku ya tano au ya sita, lakini aendelee kwa mwezi mzima. Akifuata kalenda yetu ya siku 13 ataacha mayai ya mwisho yakiwa bado hayajapasuka.

Watu huniuliza kuhusu dawa za dukani za kuua utitiri. Zipo, na mashambani zina kazi yake, lakini sebuleni penye watoto na chakula siwezi kuzishauri. Kuna sababu nyingine pia: utitiri huyu ni miongoni mwa viumbe waliozoea sumu haraka kuliko wote, na watafiti wameorodhesha zaidi ya viambato 90 ambavyo jamii yake fulani mahali fulani imeshavistahimili. Sabuni na mafuta haviingii kwenye orodha hiyo kirahisi, kwa kuwa haviui kwa sumu. Kule kwenye mabanda ya waridi hutumia pia utitiri mwingine mwekundu, mwenye mbio, anayewinda hawa na kula mayai yao. Ni njia nzuri mno, ila mwindaji huyo anahitaji unyevu. Katika hewa kavu kama ya Dodoma mwezi Oktoba mayai yake hunyauka kabla ya kupasuka.

Kunyunyizia majani ukungu wa maji asubuhi, kama wengi wanavyofanya, huongeza unyevu kwa dakika chache tu. Kilichosaidia kwa shangazi ni mambo mawili: kumwagilia udongo hadi ndani badala ya kikombe kimoja kimoja, na kusogeza vyungu mita moja na nusu kutoka dirishani. Mbolea ya chenga aliyokuwa akiweka kila wiki tuliisimamisha, kwa kuwa jani lililojaa naitrojeni ni karamu kwa utitiri.

Wiki iliyopita alinipigia simu. Kuna ua jipya amepewa na jirani, liko ukumbini peke yake kwa wiki mbili, na karatasi nyeupe iko chini yake.